Riba iliyolipwa mara mbili kwenye karatasi: kisa cha mashine ya alizeti

Kisa hiki ni cha kampuni ya familia inayokamua mafuta ya alizeti kanda ya kati ya Tanzania. Jina la kampuni, la benki na la mji vimeondolewa, na tarakimu zimesawazishwa ili zisomeke kwa urahisi. Uwiano kati ya tarakimu ndio ule ule, na makosa ndiyo yale yale, likiwemo moja langu.

Usuli

Kampuni ilikuwa na mashine mbili kuukuu za kukamua. Mbegu nyingi zilikuwa zinapita mlangoni kwenda kwa washindani kwa sababu foleni ya wakulima ilikuwa ndefu, na mashudu yalikuwa yanatoka yakiwa bado na mafuta. Mzee mwenye kampuni akataka mtambo mpya wenye kikamulio na kichujio chake. Kuununua, kuusafirisha, kuujengea msingi na kuufunga kulihitaji jumla ya shilingi milioni 200. Benki ilikubali kutoa milioni 100 kwa riba ya asilimia 16, mkopo ulipwe kwa miaka 5 kwa kupunguza milioni 20 kila mwaka. Milioni 100 nyingine zingetoka kwa familia.

Makadirio ya uendeshaji hayakuwa na ubishi mkubwa. Mauzo ya ziada ya mafuta na mashudu, ukitoa mbegu, umeme, vibarua na vipuri, yangeacha milioni 80 kwa mwaka kabla ya kodi. Tulihesabu uchakavu wa milioni 40 kwa mwaka kwa miaka 5. Sheria ya kodi ina utaratibu wake wa kukokotoa uchakavu, lakini hapa nimeurahisisha. Uchakavu si fedha inayotoka, kazi yake hapa ni kupunguza faida inayotozwa kodi tu. Faida hiyo ni milioni 40, kodi ya mapato ya kampuni ya asilimia 30 ni milioni 12, kwa hiyo mtambo unabakiza milioni 68 taslimu kila mwaka.

Kiwango cha punguzo, yaani asilimia tunayoitumia kurudisha fedha za miaka ijayo kwenye thamani ya leo, kilikuwa asilimia 18, na kisa chote kinazunguka hapo, kwa hiyo nieleze kilikotoka. Benki inataka asilimia 16, lakini riba hupunguza kodi, hivyo kwa kampuni gharama yake halisi ni asilimia 11.2. Familia nayo ilitaka asilimia 25 kwa fedha yake. Mzee alisema hicho ndicho amekuwa akikipata kwenye biashara ya kununua na kuuza mbegu, na kwamba yeye hulipwa wa mwisho, baada ya benki na mamlaka ya kodi. Nusu kwa nusu, wastani unakuja 18.1, tukaandika 18.

Yaliyotokea

Mhasibu wa kampuni, kijana makini, hakuanza na karatasi tupu. Alichukua jedwali alilokuwa ameiandalia benki wakati wa kuomba mkopo. Jedwali lile lilionyesha fedha inayoingia, likatoa riba, likatoa marejesho ya mkopo, na mwishoni likaonyesha kinachobaki. Akaifuta safu ya marejesho, akisema kurudisha mkopo si gharama. Safu ya riba akaiacha, kwa sababu riba ipo kwenye taarifa ya faida na hasara kila mwaka na hakuona sababu ya kuificha. Kisha akapunguza kila kitu kwa asilimia 18.

Mwaka wa kwanza riba ni milioni 16. Ukitoa nafuu ya kodi inayoletwa na riba hiyo, inabaki milioni 11.2, kwa hiyo milioni 68 zikawa 56.8. Miaka iliyofuata riba ilipungua pamoja na deni. Mwisho wa jedwali, thamani halisi ya sasa ya mradi, yaani fedha za miaka yote 5 zikirudishwa leo ukitoa milioni 200 za mwanzo, ikasoma hasi milioni 10.7.

Kikao cha familia mwezi Machi kilichukua nusu saa. Mradi unaokula milioni 10 hauna mjadala. Mzee akasema wasubiri mwaka mwingine, akaagiza profoma ya muuzaji irudishwe kwenye faili.

Binti yake, anayesimamia mauzo, ndiye aliyeniita. Hakuwa na hoja ya kihasibu, alikuwa na swali. "Mjomba, kama tungekuwa na hela zote wenyewe, tusikope hata senti, mtambo ungekamua mafuta mengi zaidi?" Nikamwambia la, mafuta ni yale yale. "Basi kwa nini kwenye karatasi ya mhasibu mradi unakuwa mzuri nikifuta mkopo?"

Alikuwa amejaribu. Aliandika sifuri kwenye seli ya riba ya mkopo, na thamani ya mradi ikaruka kutoka hasi hadi chanya, ilhali asilimia 18 ikiwa palepale.

Riba ilikuwa imejificha wapi

Nilikwenda kiwandani Jumamosi. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mizani, na baada ya salamu akanitangulia. "Mwanangu, nimesikia unataka kuitoa riba. Riba naijua, inatoka mfukoni mwangu kila mwezi. Utaniambiaje haipo?"

Nilimjibu kwamba ipo, na kwamba tayari imelipwa kwenye hesabu, ila mahali ambapo haionekani kwa jicho. Kisha nikageuza hati moja ya kupokelea mizigo na kuandika nyuma yake daftari la deni. Nilimwambia achukulie mtambo ni mtu, na mtu huyo amekopeshwa milioni 200 na wote wawili, benki na familia, kwa asilimia 18. Kila mwaka anaongezewa asilimia 18 ya anachodaiwa, halafu analeta milioni 68 alizozalisha.

Mwaka wa kwanza anadaiwa 200, anaongezewa 36, inakuwa 236, analipa 68, anabaki na deni la 168. Mwaka wa pili anaongezewa 30.24 na kulipa 68, linabaki 130.24. Mwaka wa tatu linabaki 85.68. Mwaka wa nne 33.11. Mwaka wa tano deni linakua hadi 39.07, analeta 68, analimaliza lote na kubakiza milioni 28.93 mkononi.

Milioni hizo 28.93 za mwisho wa mwaka wa tano, ukizirudisha leo kwa asilimia 18, ni milioni 12.65. Na jedwali la kompyuta, likifanywa bila riba popote, linatoa jibu hilo hilo:

```
=NPV(0.18,C9:G9)-200
```

ambapo seli C9 hadi G9 kila moja ina 68.

Mzee aliitazama ile 36 ya mwaka wa kwanza kwa muda. Ndipo nilipomwonyesha iliko riba yake. Katika milioni 36 zile, 25 ni haki ya familia, yaani asilimia 25 ya milioni 100 zao. Zinazobaki ni milioni 11, nazo ni za benki: milioni 16 za riba ukitoa milioni 4.8 ambazo kodi imepungua kwa sababu ya riba hiyo, yaani 11.2. Senti zinazopishana zimetokana na kuandika 18 badala ya 18.1.

Kwa maneno mengine, kupunguza kwa asilimia 18 ndiko kulipa riba. Kila unapogawanya fedha za mwaka mmoja kwa 1.18, umeshamlipa mwenye benki na mwenye mtaji kwa mwaka huo. Mhasibu alipoanza kwa kutoa 11.2 kutoka kwenye 68, halafu akapunguza kinachobaki kwa 18, mtambo ulimlipa mwenye benki mara mbili kwa mwaka ule ule, mara moja kwa jina na mara moja bila jina. Zile milioni 23.3 zilizotenganisha hasi 10.7 na chanya 12.65 ni thamani ya sasa ya riba hiyo ya pili, ambayo hakuna aliyekuwa anaidai.

Mzee akauliza swali ambalo wahasibu wengi hawaulizi. "Na familia je? Kwa nini hakutoa na ile 25 yetu kwenye jedwali?" Hakika, kwa nini? Gawio la wenye mtaji nalo ni malipo kwa waliotoa fedha, sawa na riba. Hakuna anayelitoa kwenye fedha za mradi, kila mtu anaelewa kwamba linashughulikiwa na kiwango cha punguzo. Riba hutolewa kwa sababu tu benki inaandika barua na familia haiandiki.

Kosa la pili, ambalo ni langu

Nilimwomba mhasibu afute safu ya riba. Akafuta, nikaangalia thamani imekuwa chanya, nikaridhika, nikamtumia mzee. Jibu lilikuwa milioni 22.6.

Msomaji aliyefuata tarakimu atakuwa ameshtuka, kwa sababu daftari la nyuma ya hati lilitoa 12.65. Mimi sikushtuka hadi jioni, nilipokaa kuyalinganisha. Tofauti ni karibu milioni 10 kamili, na kwa saa nzima nilidhani ni kosa la kuandika.

Safu ya kodi ndiyo ilikuwa na tatizo. Kwenye jedwali la benki, kodi ilikokotolewa baada ya kutoa riba: milioni 80, toa uchakavu 40, toa riba 16, inabaki 24, kodi ni 7.2. Tulifuta riba kwenye safu ya fedha, lakini fomula ya kodi iliendelea kuisoma riba kutoka kwenye karatasi ya mkopo. Kwa hiyo mradi ukalipishwa kodi ya milioni 7.2 badala ya 12, na fedha za mwaka wa kwanza zikawa 72.8 badala ya 68.

Hilo nalo ni kuhesabu mara mbili, ila kwa upande unaopendeza. Nafuu ya kodi inayotokana na riba ilikuwa imeshaingia kwenye kiwango cha punguzo, pale tuliposhusha 16 hadi 11.2. Kuiacha tena kwenye safu ya kodi ni kuila mara mbili. Thamani ya sasa ya nafuu hiyo kwa miaka 5 ni milioni 9.99, na ndizo zile milioni 10 nilizokuwa nazitafuta.

Kodi ya mradi hukokotolewa kana kwamba kampuni haina mkopo wowote. Inaonekana ajabu, kwa kuwa mamlaka ya kodi haitawahi kuitoza kampuni hii milioni 12, itaitoza 7.2 mwaka wa kwanza. Lakini jedwali la mradi halitabiri hati ya kodi. Tofauti ya milioni 4.8 ipo, tumeiweka upande wa gharama ya fedha.

Nilimpigia mzee simu Jumapili kumwambia kwamba milioni 10 zimepotea. Alicheka. "Juzi umeniongezea 33, leo umepunguza 10. Sitasaini kitu hadi uniletee hesabu isiyotembea."

Hesabu isiyotembea

Kwa hiyo tulifanya hesabu kwa njia nyingine kabisa, ambayo riba inatolewa wazi. Njia hiyo ipo na ni halali, mradi usichanganye nusu yake na nusu ya ile ya kwanza. Badala ya kuuliza mtambo unawalipa vipi wote wawili, unauliza familia peke yake inapata nini. Familia inatoa milioni 100, si 200. Kila mwaka inapokea 68 ukitoa riba baada ya nafuu ya kodi, na ukitoa marejesho ya milioni 20. Mwaka wa kwanza inapata 36.8, wa pili 39.04, hadi 45.76 mwaka wa tano. Na kwa kuwa benki imeshalipwa kwa jina lake, kiwango cha punguzo nacho kinakuwa cha familia tu, asilimia 25.

Jibu ni chanya milioni 8.4.

Mhasibu aliuliza kwa nini haikutoka 12.65, na ni swali la haki. Ile asilimia 18 inachukulia kwamba mkopo unabaki kuwa nusu ya fedha zote muda wote. Mkopo huu unapungua kwa haraka, mwaka wa nne umebaki mdogo na familia ndiyo iliyobeba sehemu kubwa zaidi, huku tukiendelea kuidai fedha yao asilimia 25 ile ile ingawa hatari yao imepungua. Ukitaka majibu mawili yalingane kabisa, inabidi ubadilishe viwango kila mwaka kufuata uwiano wa deni. Kwa mtambo wa milioni 200 sioni faida ya kazi hiyo. Ishara ya jibu ni moja kwa njia zote mbili, na hilo ndilo tulilokuwa tunalitafuta.

Kosa la mhasibu sasa linaonekana vizuri. Alitoa riba kama anayehesabia familia, akafuta marejesho na kubakiza uwekezaji wa milioni 200 kama anayehesabia mradi, akapunguza kwa kiwango cha mradi. Karatasi yake haikuwa ya mtu yeyote.

Uamuzi na matokeo

Kikao cha pili kilikuwa mwishoni mwa Aprili. Mradi ulikubaliwa, lakini mazungumzo hayakuwa ya shangwe. Milioni 12.65 juu ya 200 ni nyembamba. Tulipokokotoa, milioni 80 za uendeshaji zikishuka hadi milioni 74.2 mradi unakuwa haulipi. Hiyo ni asilimia 7 tu, na bei ya mbegu inaweza kuyumba zaidi ya hapo ndani ya msimu mmoja.

Kwa muda wote wa Machi, familia ilikuwa imeshindana na riba. Sasa walibishana kuhusu mbegu: wanunue kiasi gani mapema, wahifadhi wapi, na wakulima gani wapewe mifuko kabla ya mavuno. Hapo ndipo hatari halisi ya mradi ilipokuwa, na ile hasi milioni 10.7 iliifunika.

Riba haikusahauliwa. Kwenye karatasi tofauti, jedwali la benki likarudishwa kama lilivyokuwa, na riba na marejesho yote mawili, kujibu swali lake lenyewe: mwaka wa kwanza benki inataka milioni 36, je, zitakuwepo? Baada ya kodi halisi ya 7.2 mtambo ungeacha 72.8, mara mbili ya deni la mwaka. Mzee akasaini.

Muda uliopotea uligharimu. Profoma ilikuwa imeisha muda na muuzaji akataka siku zaidi kuleta mzigo, mtambo ukawashwa mwezi Agosti wakati mbegu za bei nafuu za Juni zimeshapita. Mwaka wa kwanza uliacha milioni 71 badala ya 80. Mwaka wa pili uliacha 84. Benki ililipwa kwa wakati miaka yote miwili.

Uchambuzi

Kosa la kwanza halikutokana na kutojua riba. Lilitokana na kuazima jedwali lililotengenezwa kwa swali jingine. Jedwali la mkopo huuliza kama fedha zitatosha kulipa, jedwali la mradi huuliza kama mtambo unastahili fedha hizo bila kujali zimetoka wapi. Kufuta safu moja hakugeuzi la kwanza kuwa la pili, kwa sababu kodi, uwekezaji na kiwango cha punguzo vyote vimebeba alama za mkopo. Siku hizi ninaanza na karatasi tupu.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni jaribio la yule binti. Weka sifuri kwenye seli ya riba ya mkopo, kiwango cha punguzo ukikiacha kama kilivyo, na tazama safu ya fedha za mradi. Ikisogea hata kidogo, riba imepenya mahali. Ningelirudia jaribio hilo baada ya kufuta safu ya riba, ningeona kodi ikipanda kutoka 7.2 hadi 12 mbele ya macho yangu na nisingempigia mzee simu ya Jumapili. Sehemu nyingine inayopenya ni riba ya kipindi cha ufungaji, ambayo wahasibu huiongeza kwenye thamani ya mtambo vitabuni. Hapa haikuwepo, lakini ingekuwepo ingebidi itolewe kwenye zile milioni 200.

Kanuni hii ina mipaka yake. Asilimia 18 ilifaa kwa sababu mtambo mpya ni biashara ile ile ya alizeti na hatari ile ile. Kama familia ingekuwa inajenga nyumba ya wageni, kiwango hicho kisingefaa hata kidogo. Na kama mkopo ungekuwa wa nafuu unaotolewa kwa ajili ya mtambo huu tu, kwa riba ya chini kuliko ya soko, nafuu hiyo ingekuwa faida ya kweli ya mradi. Hata hivyo nisingeiingiza kwa kuchezea safu ya fedha. Ningekokotoa mradi kana kwamba hauna mkopo, halafu nafuu ya mkopo pembeni, kila moja kwenye mstari wake, ili mzee aone kiasi gani kimetoka kwenye alizeti na kiasi gani kimetoka benki.

Mhasibu bado yupo. Mwaka jana alipoandaa hesabu ya ghala la mbegu, aliandika juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu, "fedha za ghala, si za benki," na safu ya kodi alikuwa ameikokotoa upya kwa mkono.